Namba Inayoishia Themanini na Tatu

Peris Nasimiyu hakuwa mtu wa kushuku watu, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa fundi wa cherehani pale Bungoma, nyuma ya soko, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye futi ya kupimia shingoni kutwa kucha, hata kanisani mara nyingine alisahau kuivua. Angekushonea sare ya mtoto kwa ahadi ya mdomo tu. Angekuachia kibanda na ufunguo wake aende kutafuta nyuzi, na hata jina lako hajalijua vizuri. Na kwa miaka minane alikuwa amemwachia Lorna Jepkosgei wa Kitale barua pepe yake, akalala usingizi wake wote.

Usimcheke. Wangapi wetu walifunguliwa barua pepe na mtu wa saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, wakaambiwa bonyeza hapa, sema jina la mama yako, haya imekwisha? Mwaka wa 2017 Peris alikuwa akimalizia masomo ya ushonaji Kitale, naye na Lorna walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Matisi, jiko moja, kitanda kimoja, sweta moja ya baridi ya asubuhi wakivaa kwa zamu. Lorna alikuwa ameajiriwa saiba ya Mzee Kang'ethe, pale pale Matisi. Chuo kikasema kila mwanafunzi awe na barua pepe. Lorna akamfungulia kwa dakika kumi. Mashine ilipoomba namba ya simu, laini ya Peris ilikuwa imepotea wiki hiyo, basi Lorna akaweka yake. Neno la siri pia alilitunga Lorna, akaliandika kwenye daftari la kaunta pamoja na ya wateja wengine. Ndivyo saiba ile ilivyofanya kazi. Nusu ya Matisi barua zao zilikuwa zimefungwa kwa simu ya Lorna, na hakuna aliyeona ubaya.

Peris akaolewa na Wanyonyi, akahamia Bungoma. Simu aliyobaki nayo ni kabambe, ile ya kubonyeza, inayokaa na chaji siku nne. Akitaka kujua kama kuna barua, anampigia Lorna. "Hebu niangalilie." Na Lorna anaangalia, anamsomea, anajibu kwa niaba yake, hamtozi hata shilingi. Peris alipojifungua binti, alimpa jina Jepkosgei. Mama mkwe aliguna mwezi mzima, ati mtoto wa Kibukusu anapewaje jina la Kikalenjin. Peris akamwambia, "Mama, huyu ametajwa kwa mtu wangu." Hakuwa na neno lingine kubwa kuliko hilo.

Sasa, mwaka huu, Chuo cha Ufundi cha Mwangaza, kule upande wa Ndalu, kilitangaza nafasi ya mkufunzi wa ushonaji. Nafasi moja, ya kudumu. Kwa Peris hiyo haikuwa kazi tu. Miaka minane alikuwa akiinama juu ya cherehani, mgongo umeanza kumwambia mambo, na kwa muda huo wote alikuwa akitaka kusimama mbele ya wasichana na kuwafundisha kukata kola. Aliomba. Tena, kwa kuwa roho yake ndiyo hiyo, alimpigia Lorna akamwambia, "Mwambie Chepngeno naye aombe." Chepngeno ni mdogo wake Lorna, naye alikuwa amesomea ushonaji. Wote wawili wakaitwa kwenye mahojiano. Wote wawili wakatoka wakicheka. Wakala mandazi pamoja nje ya geti.

Barua zingetumwa Jumatatu, waliambiwa. Jumatatu jioni Peris akapiga simu Kitale.

"Bado, Peri," Lorna akasema. "Hakuna kitu."

Jumanne, hakuna kitu. Jumatano mchana akapigiwa na Linah, mwanamke waliyekaa naye benchi moja siku ya mahojiano.

"Mimi nimekosa, dada," Linah akasema. "Barua imekuja Jumatatu. Wamesema aliyepata ashaambiwa, na anafaa kujibu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja. Si wewe umepata? Mimi niliona vile walikuwa wanakuangalia."

Peris akampigia Lorna tena. Hakuna kitu, Lorna akasema, labda mtandao wao ni wa pole. Hata wale waliokosa wameandikiwa, Peris akawaza, mimi ndiye sina hata barua ya kukataliwa? Hakumshuku Lorna. Nataka ujue hivyo. Alishuku chuo, akashuku mtandao, akashuku hata Linah.

Alhamisi akafunga kibanda, akaenda saiba iliyo karibu na posta ya Bungoma. Kijana wa pale alikuwa Wakhungu, mpole, miwani imefungwa kwa selotepu. Peris alilijua neno lake la siri, maana Lorna hakuwahi kulificha. Akaliandika kidole kimoja kimoja. Mashine ikafikiri. Kisha badala ya barua ukatokea ukurasa mweupe: mtu anajaribu kuingia kwa njia isiyo ya kawaida, thibitisha kwamba ni wewe.

"Ni mimi," Peris akaiambia mashine.

Wakhungu akasogea, akaangalia, akajikuna. "Pole mama. Hiyo ni makosa yangu. Kompyuta hii niliwasha VPN asubuhi, ile ya kuficha mahali ulipo, kuna mteja alikuwa anataka kufungua mtandao fulani wa nje. Sasa wao wanaona kama mtu ako Uholanzi."

"Mimi niko Uholanzi?"

"Kwa macho yao, ndiyo. Wewe kila siku unafungulia wapi?"

"Kitale. Kompyuta moja tu."

"Umeona sasa. Miaka yote Kitale, kompyuta moja, halafu ghafla Uholanzi. Hata mimi ningekushuku." Akaizima ile VPN, akamwambia ajaribu tena. Mashine bado ikakataa. Wakhungu akaeleza kwamba hata bila Uholanzi, kompyuta hii ni ngeni kwake, tena ni ya kila mtu, kwa hivyo lazima wahakikishe. Akabonyeza mbele. "Haya, si ngumu. Wanatuma namba sita kwa simu yako, unaziandika hapa, umeingia. Simu inayoishia themanini na tatu."

Namba ya Peris iliishia kumi na sita. Ya Lorna ndiyo iliyoishia themanini na tatu, naye aliijua kwa kichwa kuliko hata ya mumewe.

Akapiga. Lorna akashika mara ya kwanza ilipolia.

"Lorna, kuna namba sita zinakuja kwako sasa hivi. Nisomee."

"Uko wapi?"

"Saiba, hapa Bungoma. Nimeona nijifungulie mwenyewe nisikusumbue."

"Aa. Ngoja niangalie," akasema. "Haijafika, Peri."

Wakhungu akatuma tena. Haijafika. Akatuma ya tatu. Lorna akasema labda ni mambo ya laini, hata jana ujumbe ulikuwa unachelewa. Baada ya hapo mashine ikasema majaribio yamekuwa mengi, ngoja saa kadhaa.

Wakhungu akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa kijana wa adabu, na jambo alilotaka kusema halikuwa la adabu. "Mama, mtandao unaweza kuchelewa, sikatai. Lakini simu umepiga imeingia saa hiyo hiyo. Namba inatumwa mara tatu, zote zipotee?" Akaona uso wa Peris, akalegeza. "Sijui bana. Mimi ni mtu wa kompyuta tu. Lakini kama kuna ile kompyuta ya Kitale umezoea, nenda hapo. Hiyo wanaijua. Saa zingine haitakuuliza kitu. Na ukiingia, kitu ya kwanza toa hiyo namba, weka yako."

Usiku ule Peris alimwambia Wanyonyi kwamba laini ya Lorna ina shida. Alisema hivyo mara mbili.

Ijumaa saa tano asubuhi alikuwa Matisi. Hakuwa amepiga simu kwamba anakuja. Alijiambia ni kwa sababu hana salio, na salio alikuwa nalo. Saiba ya Mzee Kang'ethe ilikuwa vile vile, kompyuta sita na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Lorna hakuwepo. Mzee Kang'ethe mwenyewe alikuwa kaunta akimpigia mtu kopi ya kitambulisho, akafurahi kumwona.

"Mama Jepkosgei. Rafiki yako ameenda kununua chai, anarudi sasa hivi. Keti, keti."

Peris akaketi kwenye kompyuta ya kaunta, ile ambayo Lorna huitumia. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Mashine haikumuuliza swali hata moja. Ilimfungulia mlango kama mtu wa nyumbani, na roho yake ikashuka kabla hajasoma lolote, maana kama kuingia hapa ni rahisi hivi, basi Lorna pia aliingia rahisi hivi.

Barua ya chuo ilikuwepo. Ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Tayari imefunguliwa. Tunafurahi kukujulisha, iliandikwa, kwamba umechaguliwa.

Umechaguliwa. Alilisoma hilo neno mara tatu akiwa ameshika futi yake shingoni. Kwa dakika moja alifurahi, jamani, mwacheni afurahi hiyo dakika. Kisha akaona kwamba chini yake kuna jibu. Lilitoka kwake. Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana. Nashukuru sana kwa nafasi, lakini kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja. Ningeomba mumfikirie anayenifuata. Wenu, Peris Nasimiyu.

Jumanne saa saba na dakika ishirini alikuwa kibandani akimpima mwalimu mmoja suti ya harusi.

Alikuwa bado anaiangalia ile barua Lorna alipoingia na chupa ya chai na chapati mbili kwenye gazeti. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka vizuri. Alipomwona Peris na kuona ameketi wapi, aliweka chupa chini polepole.

"Nani aliandika hii?" Peris akauliza.

Lorna akazunguka kaunta, akainama kuangalia skrini. Alikuwa mwepesi, Lorna, siku zote alikuwa mwepesi wa akili. Kona ya juu kulikuwa na onyo jekundu: jaribio la kuingia limezuiwa. Akalibonyeza mwenyewe, ikafunguka orodha ya waliojaribu kuingia.

"Si umeona? Uholanzi," akasema. "Umeingiliwa, Peri. Mtu wa Uholanzi ndiye alikuwa kwa akaunti yako. Hata hizo namba unasema zilitumwa, labda aliziiba njiani. Watu wa mitandao ni wabaya siku hizi."

Na kama Peris hangekuwa amekaa Bungoma na yule kijana wa miwani ya selotepu, angemwamini. Angemshukuru hata. Wangekunywa chai pamoja wakimlaani Mholanzi.

"Uholanzi ni mimi," Peris akasema.

"Ati?"

"Ni mimi. Jana, saa nne na nusu. Kijana wa Bungoma alikuwa amewasha VPN. Angalia saa. Na hii ingine ya juu yake imeandikwa Nairobi, ndiko mtandao wa pale unaonekana, ni mimi bado, alipokuwa ameizima. Zote mbili zilizuiwa. Sikuingia." Kidole chake kikashuka kwenye orodha. "Walioingia wiki hii ni kompyuta moja tu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ni hii nimekalia."

Mzee Kang'ethe alikuwa ameacha kupiga kopi. Mteja wake pia alikuwa amegeuka. Lorna akawaangalia, akamwangalia Peris, na uso ukaishiwa nguvu.

"Chepngeno ndiye alikuwa anafuata," akasema kwa sauti ya chini. "Alipigiwa Jumatatu, akaambiwa yeye ni wa pili, asubiri. Alilia siku nzima. Peri, yule mtoto nimemlea mimi. Ana miaka ishirini na sita, hana kitu, hana mtu. Wewe uko na Wanyonyi. Uko na kibanda, uko na wateja. Nilisema nafasi ingine itakuja, wewe hukosi."

"Kwa hivyo wewe ndiye ulinipimia cha kunitosha."

"Sikutaka ujue. Nilikuwa nataka ipite tu, ijifie."

"Na jana? Nilikuwa kwa simu nikikuomba, nikikusemesha kama dada yangu. Zilifika au hazikufika?"

Simu ya Lorna ilikuwa kwenye kaunta, kando ya chapati, na wote wawili waliiangalia.

"Zilifika zote tatu," Lorna akasema.

Peris alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, lakini si kwa hilo. Barua ya kukataa ilikuwa mbaya, ndiyo. Lakini barua iliandikwa akiwa mbali, hakuwepo. Jana alikuwepo. Jana Lorna alikuwa na namba sita mbele ya macho yake, na sauti ya Peris sikioni, na akasema haijafika, mara tatu, kwa sauti ile ile aliyomwimbia nayo Jepkosgei mdogo siku alipobatizwa. Peris alitaka kulia na akakataa kulia pale.

Akachukua kabambe yake, akapiga namba iliyokuwa chini ya barua ya chuo. Mwanamke wa ofisini akajitambulisha kuwa Bi Phelista. Peris akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na mbele, na hakutaja jina la mtu. Akasema tu, mtu mwingine alikuwa na njia ya kuingia.

"Hilo ni jambo zito," Bi Phelista akasema. "Na mimi sasa nitajuaje wewe ndiye Peris? Ile barua ya Jumanne pia ilisema ni Peris."

Peris akataja namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mwaka aliomaliza chuo. Akakumbusha kwamba kwenye mahojiano aliulizwa atafanya nini mwanafunzi akikata kitambaa vibaya, naye akasema atamfundisha kukigeuza mfuko. Huko upande wa pili mama wa watu akacheka kidogo.

"Nakukumbuka. Sikiza. Yule wa pili tulikuwa tumwandikie leo saa kumi na moja, bado hajaandikiwa. Niandikie kabla ya hapo kwamba unakubali na kwamba ile ya kwanza si yako. Jumatatu uje na kitambulisho chako halisi, tukuone kwa macho. Lakini kwanza mtoe huyo mtu kwa akaunti yako. Nikipata barua ya tatu ikisema umekataa tena, sitaweza kukusaidia."

Ilikuwa saa sita na robo. Peris akafungua mahali pa namba ya simu, akatafuta taratibu, akisoma kila neno. Kompyuta aliyokalia ilikuwa inajulikana, lakini kubadilisha namba si jambo dogo, na baada ya vurugu za jana mashine haikutaka mchezo. Ikasema: kabla ya kubadilisha, thibitisha kwamba ni wewe. Tumetuma namba sita kwa simu inayoishia themanini na tatu.

Kwenye kaunta, simu ya Lorna ikawaka.

Mzee Kang'ethe akakohoa, akaenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo. Lorna hakuigusa simu. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta.

"Nikikusomea," akasema, "Chepngeno amekosa. Na mimi na wewe imeisha."

"Soma."

"Na Jepkosgei? Mtoto ana jina langu, Peri."

Peris alifikiria chumba kimoja na sweta moja. Alifikiria miaka minane ya "hebu niangalilie," na akajiuliza ni barua ngapi nyingine hazikuwahi kufika, na akajua kwamba hilo swali litakuwa naye maisha yake yote, kwa kila jambo zuri ambalo Lorna aliwahi kumfanyia. Jina la mtoto hangeweza kulibadilisha. Angeliita kila asubuhi.

"Zimefika ama hazijafika?" akauliza.

Lorna akaishika simu kwa mikono miwili. "Nne," akasema. "Sufuri. Saba. Saba. Mbili. Tisa."

Peris akaziandika kwa kidole kimoja, moja moja. Akatunga neno jipya la siri, ambalo Lorna hakuliona. Kisha akafuta namba ile aliyoijua kwa kichwa, akaweka yake.